Mkalimani wa Elfu Tatu

Usinione nimejikunyata hapa kibandani kama kuku aliyenyeshewa. Nadaiwa mbuzi. Mbuzi dume, mwenye pembe zote mbili, asiyechechemea. Juu ya mbuzi kuna dumu la tembo la mnazi. Nimepewa hadi Jumamosi. Na yote haya kwa kazi ya shilingi elfu tatu, ambazo hata nazo nimepata mbili, kwa sababu elfu moja ilikatwa "ya chakula". Chakula chenyewe sikukila. Nitafika huko, usiniharakishe.

Kilichoniponza ni Kitaliano.

Kama wewe si mtu wa Malindi, jua kwamba hapa Kitaliano si elimu. Ni kama jua la mchana, kinakupata tu. Wenyewe walianza kuja miaka ya sitini, walipoweka ule mtambo wao wa kurushia satelaiti baharini kule Ngomeni. San Marco. Mwaka 1967 wakarusha ya kwanza kutoka pale majini. Walioletwa na roketi wakaita jamaa zao, jamaa wakaita majirani, wakajenga mahoteli, wakafungua pitsa, wakafungua jelato, mpaka leo kuna watoto hapa mjini wanasema "chao" kabla hawajajua "shikamoo".

Mie nimeuza vinyago ufukweni miaka kumi na tisa. Kitaliano changu nimekiokota mchangani pamoja na makombe. Najua kuhesabu hadi elfu kumi. Najua "kwanto kosta". Najua majina ya samaki wote. Najua kuapa kwamba kobe huyu ni wa mpingo mtupu na si mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu, ingawa ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Matusi ndiyo nayajua vizuri zaidi, maana kasitoma akishasikia bei ananifunza bure. Ukiniondolea bei, samaki na matusi, nabaki bubu.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyefuatwa awe mkalimani wa harusi.

Alikuja mzee mmoja wa kule bara ya Malindi, ukishapita Ganda. Binti yake anaolewa na Mtaliano mpishi wa pitsa. Wazazi wa kijana wanakuja kutoka kwao, mji unaitwa Bergamo. Upande wa bwana harusi hakuna anayejua Kiswahili wala Kigiriama wala hata Kiingereza cha kuombea maji. Upande wa bi harusi hakuna anayejua Kitaliano isipokuwa bi harusi mwenyewe.

Nikamuuliza, si basi atafsiri yeye?

Mzee akanitazama kama nimemwambia bi harusi akaushe samaki. "Siku yake hiyo hainui macho, ainue mdomo? Watu watasema mwanangu kalelewa stendi."

Na bwana harusi? Yeye anajua "jambo", "pole pole" na "hakuna matata". Hicho si Kiswahili, ni fulana.

Nikataja elfu tano. Akataja mbili. Tukapatana tatu, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na kodi ya mwezi uliopita na mwenye nyumba alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akijifanya anatazama bahari.

Jirani yangu wa kibanda hutembeza watalii. Yeye aliwahi kupelekwa semina Mombasa, siku tatu, akarudi na kalamu na faili. Tangu siku hiyo hakuna jambo asilolijua. Jioni ile akaniweka chini. "Kazi hii ina sheria," akasema. "Kwanza, usiongeze. Pili, usipunguze. Tatu, usiseme 'yeye anasema'. Sema 'mimi'. Akisema nina njaa, wewe nawe sema nina njaa. Wewe hupo pale. Wewe ni bomba tu, maji yanapita."

Bomba. Sawa. Nimeitwa mabaya zaidi.

"Na utani?" nikauliza, maana Wataliano nawajua, hawakai dakika tano bila kutaniana.

Akacheka kile kicheko cha semina. Akaniambia Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alikwenda Japani mwaka 1981 kuhutubia chuo. Akatia kichekesho kifupi. Mkalimani akasema maneno machache, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Carter akashangaa, kwa sababu kichekesho chenyewe kilikuwa cha kawaida tu. Baadaye akambana mkalimani: ulikisema vipi? Mkalimani akazungukazunguka, mwishowe akakiri: "Niliwaambia, Rais Carter ametoa kichekesho, kila mtu acheke."

"Ukikwama," jirani yangu akasema, "fanya hivyo."

Nikaona kazi nimeimaliza. Nikalala usingizi wa tajiri.

Siku yenyewe nikapanda bodaboda, shati jeupe, tai ya kuazima. Boda ikanimwaga kwenye tope mita mia moja kabla ya kufika. Tai ikapona. Kilichobaki ndicho kilichopata. Nikatokea kwenye tenti nikiwa na rangi mbili kama bendera. Watoto wakashangilia. Bwana harusi akaniambia "hakuna matata". Nilitaka kumjibu kwa yale ninayoyajua vizuri zaidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kadzama. Kwa asiyejua, hilo ni tembo la mnazi ambalo wazee wa Kigiriama wasipolipata hawafungui mdomo kuzungumzia ndoa. Zamani lilikuja kwa kibuyu. Siku hizi linakuja kwa dumu la plastiki lililowahi kukaa mafuta ya kupikia, na heshima ni ile ile. Msemaji wa ukoo akasimama na fimbo yake. Akaanza na mvua. Akaja kwenye minazi, nani aliipanda, nani aliigema, nani alianguka kutoka juu yake. Akamtaja marehemu babu yake mara tatu. Dakika kumi nzima. Kisha akaketi na kunitazama: bomba, fungua maji.

Katika yote yale nilikuwa nimeshika kitu kimoja. Nikamgeukia baba wa bwana harusi, nikamwambia kwa Kitaliano: "Lita ishirini."

Yule baba, mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu, akatikisa kichwa. "Bene."

Msemaji akainuka tena. "Nimezungumza mpaka koo limekauka, wewe umemwambia maneno mawili, naye amejibu moja. Mengine umeyaweka wapi?"

Watu wakacheka. Mie ndiye niliyechekwa, si msemaji. Basi ikabidi niongeze. Sheria ya kwanza ikavunjika kabla hata kivuli cha mwembe hakijahama. Nikasimama, nikawaambia wazee kwamba mgeni anasema: amefurahi sana, ameisikia mvua, ameisikia minazi, anampa pole yule aliyeanguka. Wazee wakaridhika. Mgeni akaniuliza, mbona "bene" kwenu ndefu hivyo? Nikamwambia lugha yetu ina heshima nyingi. Na shangazi wa bwana harusi yeye hata sikumgusa. Alikuwa anasema Kibergamo, ambacho na Kitaliano ni majirani wasiosalimiana. Kila alilosema mie nilitabasamu na kumwonyesha choo. Alikwenda mara nne.

Bi harusi alipotolewa nje, huyo shangazi akachota mchele mbichi kwenye mfuko na kummwagia kichwani. Ndiyo mila yao, mchele ni baraka ya uzazi. Hakuna aliyeniambia mapema niwaeleze watu. Hawe, bibi yake bi harusi, akapiga yowe. Mchele! Kilo nzima! Chini! Akapiga magoti kwenye vumbi, akatandika leso, akaanza kuokota punje kwa punje huku akipigana na kuku. Shangazi akadhani ni sehemu ya ngoma, akapiga magoti naye, akaokota. Wakaokota pamoja kama wametumwa. Wakimaliza konzi moja wanatazamana, wanacheka. Na mie bomba nimesimama hapo sina hata neno moja la kupitisha. Wale wawili hawakunihitaji. Hilo nalo liliniuma, sijui kwa nini.

Tukakaa mezani. Sasa sikiliza dhuluma.

Mkalimani hali. Hilo semina hawakusema. Mtu mmoja anatafuna mwingine anasema, kisha wanabadilishana, lakini wewe mdomo wako ni mmoja na unasema kwa niaba ya wote wawili. Nilipewa sahani ya pilau. Juu yake paja la kuku. Nikainua kijiko. "Mwulize kama kwao kuna nazi." Nikashusha kijiko. Nikainua. "Mwulize wanalima nini." Nikashusha. Likaletwa sinia la ugali, mama wa bwana harusi akashika mashavu, akasema "polenta!", machozi yakamlenga. Kumbe kwao Bergamo ugali wa mahindi ndio chakula chao cha asili. Ni wa manjano, wanaumwaga kwenye ubao, lakini ni ugali. Akamega kwa mkono, akachovya kwenye mchuzi wa mchicha, akala kama amefika nyumbani. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikatafsiri machozi. Nikatafsiri vigelegele. Nilipogeuka, paja halipo. Kulikuwa na kijana mdogo pembeni yangu, midomo inang'aa mafuta, anatazama mawingu.

Basi ndio wakati wa hotuba. Baba wa bwana harusi akashika maiki. Mie nikapewa maiki ya pili, ile inayopiga shoti ukiilowesha, na mie ni mtu wa kutokwa jasho.

Akaanza na kichekesho. Nilikijua hata kabla hakijaisha, maana kila Mtaliano aliyepita kibandani kwangu anacho. Kwao kuna polisi wanaitwa karabinieri, nao ni kama fisi katika hadithi zetu, kila siku wao ndio wajinga. Swali: kwa nini karabinieri hutembea wawiliwawili? Jibu: mmoja anajua kusoma, mwenzake anajua kuandika.

Chepesi. Ningekitafsiri hata usingizini. Lakini niliinua macho, nikaona pale meza ya pili, karibu na sufuria la pilau, wamekaa maafande wawili. Wawili! Bunduki zimeegemezwa kwenye mwembe. Wametulia, wanang'oa nyama. Na mie sina leseni ya kibanda.

Nikamkumbuka Carter. Nikasema kwenye maiki: "Mgeni wetu ametoa kichekesho kikubwa sana cha kwao. Tafadhali tumheshimu kwa kicheko."

Ewe ndugu yangu, Wagiriama ukiwaomba kicheko kwa heshima hawakunyimi! Tenti liliruka. Akina mama wakapigana mabega. Afande mmoja akapaliwa na mfupa, mwenzake akampiga mgongo. Msemaji wa ukoo akafuta machozi kwa ncha ya kikoi. Yule baba wa Bergamo akasimama mdomo wazi. Nadhani hajawahi kuchekwa vile maisha yake yote, hata na mkewe. Akaweka kikaratasi cha hotuba mfukoni. Akavua koti. Nikajua amepata moto.

Hapo ndipo nilipojichimbia.

Maana kilichofuata hakikuwa na sura ya kichekesho. Hakutabasamu. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza kilimo. Nikasikia nyumba, nikasikia chungu, nikasikia maji, nikasikia miaka mitatu. Na katikati nikasikia "lingwa di swochera". Lingwa ni ulimi, hilo nalijua, huwa namwambia kasitoma anionyeshe asiposema bei. Swochera ni mama mkwe, hilo nalo nalijua, nusu ya vinyago vyangu hununuliwa kwa ajili yake. Nikaunganisha. Sheria tatu zote kichwani. Usiongeze, usipunguze, sema "mimi". Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya redio:

"Mimi, nyumbani kwangu, nina ulimi wa mama mkwe. Nimeuweka kwenye chungu. Huu ni mwaka wa tatu sijautia maji. Na haufi!"

Mgeni akanyoosha mikono, akangoja kicheko.

Jenereta likasikika. Sijui kama ulikuwa unajua jenereta lina sauti tatu, lakini zinasikika zote kukiwa kimya.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule. Mama mkwe wangu mie alikuwepo. Mama wa mke wangu kabisa, safu ya tatu, leso ya kijani. Yeye ndiye sauti ya kwanza ya akina mama wa mwanzele, na walikuwa wamefanya mazoezi ya ngoma usiku, siku tatu mfululizo. Jumanne sauti ikamkauka. Kukauka hasa. Siku nne alikuwa akiongea kwa mikono. Kijiji kizima kilijua kwamba mama yule, ambaye akiita mbuzi wake hata wa kijiji cha pili huja, sasa hana sauti. Na leo mkwewe amesimama na maiki na kusema mimi, nyumbani kwangu, nina ulimi wa mama mkwe kwenye chungu.

Vichwa vikageuka. Kwanza kwangu. Kisha safu ya tatu. Kisha kwangu.

Msemaji akainuka taratibu na fimbo yake. "Umesema chungu."

"Chungu."

"Cha ukubwa gani?"

Mie bomba! Nikageuka nikamtafsiria mgeni swali. Mgeni akafurahi, akaona watu wamevutiwa. Akapima kwa mikono. Nikapima na mie. "Hivi."

"Umekiweka wapi?"

"Dirishani," nikatafsiri. "Unapenda jua."

"Na huo ulimi, urefu wake?"

Mgeni akashika kiwiko cha mkono, akapanda hadi begani. Nikashika kiwiko changu. "Kuanzia hapa hadi hapa. Na bado unakua."

Mtoto akaanza kulia. Mgeni akanogewa. Akaongeza mwenyewe bila kuulizwa, na mie nikapitisha maji: "Majirani wakiutaka, nawakatia kipande. Wakikichomeka kwenye udongo, kinaota ulimi mwingine. Mtaa wangu mzima sasa wanazo."

"Mungu wangu," mtu akasema nyuma.

"Na kwetu madukani zinauzwa zilizookwa. Nyembamba, kavu, zinavunjika kwa meno. Tunakula na divai."

Utaniuliza, wewe mwenyewe hukushtuka? Nilishtuka kidogo. Lakini hawa ni watu wanaokula konokono. Na jirani yangu alisema mkalimani hayupo pale. Nilikuwa sipo, kwa bidii.

Akina mama walishaanza kumsogelea mama mkwe. Mmoja akamwambia, "Mama, hebu toa ulimi tuuone." Naye maskini, mbele ya watu mia mbili, mbele ya maafande, mbele ya wageni kutoka ng'ambo, akafungua mdomo akautoa. Walikuja na tochi ya simu. Ulikuwepo, mzima, mwekundu. Nikashusha pumzi. Kisha mwanamke mmoja akatikisa kichwa: "Huo unaonekana tu."

Na usicheke. Huku kwetu Kilifi neno uchawi limewatoa wazee makwao, wengine limewatoa roho. Nikaona vijana wawili wanahama viti kuja upande wangu. Nikamtafuta afande kwa macho. Afande alikuwa amebeba sahani yake na kurudi nyuma ya mwembe.

Ndipo bi harusi akainua mtandio.

"Ni mmea!" akapiga kelele. "Jamani, ni mmea tu!"

Hawe akaziba uso kwa leso, si kwa ajili ya ulimi, kwa ajili ya bi harusi kupiga kelele. Lakini binti alikuwa ameshasimama. Akanyoosha mkono wenye hina kuelekea kichakani nyuma ya choo. Pale yameota yale majani marefu, magumu, yamesimama wima kama panga, yana mabaka meupe kwenye kijani. Unayajua. Kama mkonge mdogo. Zamani wazee walikuwa wakiyaparua nyuzi za kusokota kamba. Kumbe hayo hayo Wataliano wanayapanda kwenye vyungu vya udongo, wanayaweka sebuleni, na jina walilolipa ni ulimi wa mama mkwe, kwa sababu ni marefu na yana ncha kali. Na vile vya kuoka dukani ni mikate, mirefu na myembamba, nayo wameipa jina lilo hilo.

Miaka kumi na tisa ya Kitaliano. Sijawahi kuuza mmea.

Watu wakatazama kichaka. Wakatazama choo. Wakanitazama mie. Vijana wawili wakarudi kuketi, wamevunjika moyo kidogo.

Ungedhani yameisha. Msemaji wa ukoo hakuketi. "Sawa," akasema. "Ni majani. Sasa kilichokuwa kinachekesha ni nini?"

Nikamtafsiria mgeni. Mgeni akanieleza, naye jasho limeanza kumtoka. Nikaeleza na mie, kwenye maiki, kwa sheria zote tatu: kwamba jani hili hata usipolipa maji halifi, na ulimi wa mama mkwe nao hata usipoupa sababu haunyamazi.

Aisee. Bora ningewaacha kwenye chungu.

Maana sasa walielewa. Na walikuwa wamekaa kwa ajili ya harusi, ambapo mama wa binti ndiyo kwanza anapata mkwe, na kwetu mkwe humpisha mama mkwe njia, hamtaji ovyo, utani ni wa babu na mjukuu. Mama wa bi harusi alikuwa amenyooka kwenye kiti kama ameketishwa na serikali. Bwana harusi, ambaye ndiye hasa mwenye mama mkwe siku ile, alikuwa anachezea kifungo cha shati. Wazee wakaenda chini ya mwembe, wakakaa robo saa, wakarudi na hukumu. Aliyevunja heshima ya mama mkwe hadharani atatoa mbuzi mmoja na kadzama.

Nikamgeukia mgeni nimtafsirie hukumu yake, kwa huruma kabisa.

"Unamwambia nini?" msemaji akaniuliza. "Nani kamtaja huyo? Sisi tulimsikia mtu akisema kwa Kigiriama safi, mimi, nyumbani kwangu, nina ulimi wa mama mkwe. Yule mzungu tangu asubuhi tunamsikia akisema bene."

Nikaeleza habari ya bomba. Nikaeleza sheria ya tatu. Nikamtaja jirani yangu na semina yake. Wazee wakasikiliza kwa adabu. Mmoja akasema hiyo kalamu ya semina hata yeye angeipenda.

Elfu mbili nikapewa saa kumi na mbili jioni. Nikarudi kwa miguu, maana boda alisema habeba.

Sauti ya mama mkwe ilirudi Jumatatu. Alinipigia simu yeye mwenyewe, na hakuwa na haja ya simu. Sitasema aliyosema. Nilichukua masufuria yote ya nyumbani nikayatoa nje, akaja na shangazi zake wawili, wakayakagua moja moja.

Mgeni naye kabla ya kupanda ndege alipita kibandani kuniomba radhi. Hakuleta pesa. Aliniletea chungu. Ndani yake mmea wenyewe, majani matano, yamesimama wima. Sikuweza kumkatalia, nilikuwa sina hilo neno kwa Kitaliano bila tusi. Nikaupeleka nyumbani, nikauweka dirishani.

Sasa mama mkwe huja kila asubuhi. Hatusemi. Ananipita mlangoni, anakwenda moja kwa moja dirishani na jagi lake, anaumwagilia maji mpaka yanafurika sakafuni. Jani la kwanza limeshakuwa manjano chini, ukiligusa linabonyea. Jirani yangu amenambia mmea huu haufi kwa kiu, unaoza kwa maji mengi, hilo nalo eti walifunzwa semina. Anataka nimwambie mama aache.

Mwambie wewe.